Mkataba wa Mabati Uko Folda Gani?

Esteri hakuwa mtu wa kuingia mahali kimyakimya. Jumatano ile, tarehe ishirini na tisa Aprili mwaka 2015, alianza kuongea akiwa bado ng'ambo ya barabara, akavuka na maneno yake katikati ya bodaboda mbili, na alipofika kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la Bi Mwamvua alikuwa ameshamaliza nusu ya habari. Ikabidi aianze upya.

"Nasema nimewaona kwa macho haya! Pasikali wa duka lile lingine la vifaa na kijana wa kiwanda, wamekaa hotelini wanakunywa supu. Na aliyelipa ni Pasikali. Pasikali! Mtu ambaye ukinunua misumari robo kilo anaongeza mmoja, halafu anafikiria, anauchukua tena!"

"Kijana yupi wa kiwanda?" aliuliza Faudhia bila kuinua macho kwenye kompyuta.

"Huyu mpya wa mabati. Aliyechukua nafasi ya Saady."

Bi Mwamvua, mwenye duka, alikuwa anakunywa chai kwenye kiti chake cha plastiki chenye mto. Kikombe kikasimama njiani.

"Nafasi ya nani?"

"Ya Saady, mama. Si kahamishiwa Shinyanga tangu mwezi wa pili? Kasulu nzima inajua."

"Kasulu nzima isipokuwa mimi," alisema Bi Mwamvua. "Saady huyu aliyekula pilau kwangu Idi mbili mfululizo? Aondoke bila kuniaga? Mimi naona simu yake haipatikani, nasema labda kaibiwa, maskini ya Mungu, na kila swala namwombea."

"Basi mwombee Shinyanga huko huko. Huyu mpya namsikia kwa masikio yangu anamwambia Pasikali, 'Mwezi wa saba tutaanza na wewe.' Ndiyo maneno aliyosema. Mwezi wa saba."

Hata fundi mmoja aliyekuwa anachagua bawaba akaacha kuzigonganisha.

Asiyelijua duka lile inabidi aambiwe. Bi Mwamvua alikuwa na uwakala wa kipekee wa mabati ya kiwanda kimoja cha Mwanza. Maana yake, Kasulu yote na Kibondo yote, mwenye kuezeka kwa bati lile alinunua kwake au alinunua kwa mtu aliyenunua kwake. Rangi, misumari, vitasa na mabomba vilikuwepo, lakini vile vilikuwa mboga. Ugali ulikuwa bati. Bati ndilo lililofungua tawi la Kibondo analolisimamia mdogo wake, Isihaka. Bati ndilo lililolipa mishahara ya watu sita. Likiondoka bati, duka lingebaki la kuuza kufuli.

"Hawezi," alisema Bi Mwamvua, na akakiweka kikombe chini. "Mkataba upo. Nimesaini mimi, kasaini Saady, mhuri umegongwa. Faudhia mwanangu, hebu toa mkataba, tuuchape, nimpelekee Pasikali auweke kwenye supu."

"Sawa shangazi," alisema Faudhia, akashika kipanya.

Faudhia alikuwa binti wa kaka yake Bi Mwamvua. Alikuja dukani Januari ya mwaka uliopita akiwa na cheti cha kompyuta kutoka Kigoma mjini na hamu ya kupanga kila alichokiona. Na alikuta cha kupanga. Skrini ya kompyuta ya duka ilijaa mafaili mpaka picha ya nyuma, ambayo ilikuwa ya Makka, haikuonekana. Kila faili lilikuwa na jina la mtu. "Saady." "Saady mpya." "Saady mpya ya kweli." "Mama misumari." "Yule wa Uvinza." "Haji asiyelipa." Bi Mwamvua aliweka karatasi jinsi alivyoweka watu kichwani: huyu na mambo yake yote, ankara, barua, mkataba, picha ya harusi ya binti yake, vyote pamoja. Ukimuuliza bei ya rangi ya mwaka juzi, kwanza alikusimulia aliyeileta alikuwa na ugomvi gani na mkewe, kisha akakupa bei, na bei ilikuwa sahihi.

"Hii si ofisi, hiki ni kibaraza," Faudhia alimwambia siku ile ya kwanza.

"Kibaraza chenyewe ndicho kinakulisha," shangazi alimjibu.

Basi Faudhia alichukua kalenda ya zamani, akaigeuza, akachora mpango wake nyuma. Miaka juu: 2012, 2013, 2014. Ndani ya kila mwaka folda nne: Hesabu, Ankara, Mikataba, Wafanyakazi. Ulipendeza kama kitambaa kilichofumwa. Wiki mbili nzima aliburuta mafaili, na wiki mbili nzima watu walilalamika. Esteri, ambaye alishika fedha kaunta, hakuona kwa nini ankara ya jana isikae pale pale juu anapoiona. Mzee Ndayikunda wa stoo, ambaye alifika nchini kutoka Burundi akiwa kijana mwaka 1972 na sasa alikuwa Mtanzania mwenye karatasi zake na wajukuu wake, aliuliza swali moja tu, kwa upole: "Mama, mtu akiajiriwa 2012 na bado yupo, anakaa mwaka gani?"

"Anakaa 2012, babu. Ndipo alipoajiriwa."

"Ego," alisema mzee, yaani ndiyo kwa Kirundi chake. "Kwa hiyo mimi nimebaki kule nyuma."

Watu walicheka, na Faudhia akakasirika. Akakasirika zaidi mwezi wa tatu, Esteri alipoingia kutafuta ankara ya rangi akafungua folda isiyo yake. Folda ya Wafanyakazi haikuwa na nywila. Esteri akaona mshahara wa kila mtu, akaona na barua ya onyo ya dereva, na kabla ya adhuhuri dereva alikuwa amesimama katikati ya duka anamuuliza Bi Mwamvua kwa nini fundi wa rangi anamzidi elfu kumi na tano. Siku tatu hakuna aliyeongea na mwenzake isipokuwa kwa kupitia kwa wateja. Faudhia aliweka nywila, akaomba radhi, na tangu hapo mtu yeyote akisema neno juu ya folda alimjibu kwa ukali. Mpango ulishakuwa wake. Kuugusa mpango ilikuwa kumgusa yeye.

Sasa alifungua 2015, Mikataba. Humo mlikuwa na mkataba wa pango la stoo. Akafungua 2014, Mikataba: mkataba wa mlinzi na wa mtu wa rangi. Akaendelea kushuka, halafu mkono ukasimama juu ya kipanya.

Folda ya 2013 haikuwepo. Wala ya 2012.

"Vipi?" aliuliza Bi Mwamvua.

"Natafuta."

"Kutafuta gani huko kwa kukunja uso? Enzi zangu ulikuwa unaandika Saady na Saady anatokea."

Faudhia alikuwa anakumbuka Desemba. Kompyuta ilikuwa imechoka, ikifungua faili moja mtu alimaliza kula muhogo. Akanunua eksteno, ile diski ya pembeni ya kuchomeka, akaipeleka miaka ya nyuma huko, akampa Isihaka akae nayo Kibondo. Darasani waliwafundisha: weka nakala mbali na ofisi, ofisi ikiungua usiungue nayo. Alijisifu sana siku ile. Ila hakuweka nakala. Alikata, akabandika. Miaka miwili ya duka ilikuwa Kibondo kwenye kabati la baba yake mdogo, na Kasulu haikubaki hata herufi.

"Shangazi, karatasi yenyewe, ile ya asili, iko wapi?"

"Si wewe ulisema tayari tunayo kwenye kompyuta, halafu ukapeleka makaratasi yote stoo kwenye maboksi?"

Wakamtazama Mzee Ndayikunda. Mzee akavua kofia.

"Boksi la 2012 lilikuwa la chini," alisema. "Mchwa walianzia chini. Nilisema wakati wa vuli, mama. Mliniambia yapo kwenye kompyuta."

Kweli alisema. Na aliyemjibu vile, kila mtu dukani alimkumbuka, hakuna aliyehitaji kumtaja.

Faudhia alimpigia Isihaka. Simu ya kwanza haikupokelewa. Ya pili ilipokelewa na kelele za soko la Kibondo. Ya tatu, saa sita kasoro, ndiyo iliyompata mtu mwenyewe, na Bi Mwamvua akaamuru iwekwe spika ili wote wasikie, kana kwamba ni mpira.

"Ba'mdogo, ile eksteno niliyokupa Desemba unayo?"

"Ninayo! Nimeitunza vizuri. Nimewekea na filamu kidogo, wateja wakisubiri waangalie."

Faudhia alifumba macho. "Hukufuta kitu?"

"Nifute kwani mimi mwizi? Nimeongeza tu."

"Ichomeke kwenye kompyuta. Fungua 2012."

Wakasubiri. Ilisikika feni, ikasikika sauti ya mtu anauliza bei ya bomba la nusu inchi, na Isihaka akamjibu, wakaanza kupatana kabisa.

"Isihaka!" Bi Mwamvua alipiga kelele. "Muache huyo na bomba lake!"

"Dada, huyu ni mteja. Haya. Nimefungua. Naona vifuko vinne vya njano."

"Fungua kilichoandikwa Mikataba."

"Nimefungua. Kuna kitu kinaitwa pango. Na kingine kinaitwa pango mpya. Basi."

"Hamna cha mabati? Angalia vizuri, Ba'mdogo. Sogeza chini."

"Niende chini wapi, mwanangu? Vitu viwili, nitasogeza mpaka Burundi?"

Esteri alicheka, akaziba mdomo kwa khanga. Faudhia alihisi masikio yanawaka. Mpango wake ulikuwa na mahali pa mkataba, na mkataba haukuwa mahali pake. Aliingiza nini humo, na kwa akili gani? Akajaribu kujirudia kwenye zile wiki mbili, usiku na mchana anaburuta. Mafaili ya Saady yalikuwa mengi. Saady moja mpaka Saady arobaini na ngapi huko. Alifungua la kwanza, ankara. La pili, ankara. La tatu, ankara ya mabati ya geji thelathini. Halafu alichoka. Akayashika yote kwa pamoja, kundi zima, akayatupa...

"Ankara," alisema kwa sauti ndogo. "Ba'mdogo, toka humo. Fungua Ankara."

"Eh! Hapa sasa ndipo penye watu. Saady, Saady, Saady. Huyu jamaa alikuwa na kazi."

"Fungua moja moja. Ukiona karatasi yenye maneno mengi na sahihi, simama."

"Zote hizi?"

"Zote."

"Dada," alisema Isihaka, "huyu mtoto ulimlipia ada kweli?"

Bi Mwamvua hakumtetea. Faudhia alikaa pale kwenye stuli, mikono katikati ya magoti, akimsikiliza baba yake mdogo akisoma ankara za mwaka 2012 moja baada ya nyingine, kwa sauti, na maoni. Kila moja ilimkumbusha kitu. "Hii ni ya lile lori lililoanguka Makere, unakumbuka dada?" Na dada alikumbuka, akaongezea dereva alikuwa nani. Faudhia alitaka kulia. Muda wote ule angeweza kuandika kwenye jina la faili maneno mawili tu, mkataba mabati, na tarehe. Maneno mawili. Hayangemchukua hata dakika.

Saa saba na robo Isihaka alisema, "Simama. Hii ina maneno."

"Ni Saady namba ngapi?"

"Namba saba. Mkataba wa Uwakala. Umesainiwa tarehe mosi Julai 2012."

Esteri alipiga vigelegele. Fundi wa bawaba, ambaye kwa kweli hakuwa na sababu ya kuwepo bado, alipiga makofi. Bi Mwamvua aliinuka akajifunga khanga upya kama mtu anayekwenda mahali.

"Piga picha kila ukurasa, nitumie kwa WhatsApp," alisema Faudhia. "Zote, Ba'mdogo. Hata wa mwisho."

Picha ziliingia moja moja, kila moja ikizunguka dakika tano kabla ya kufunguka. Faudhia alizisoma kwa sauti. Kifungu cha pili kilisema wakala ni mmoja tu kwa wilaya ya Kasulu. Bi Mwamvua aliitikia "Enhe!" kama yuko kwenye mawaidha. Kifungu cha tano kilisema mkataba ni wa miaka mitatu, unaisha tarehe thelathini Juni 2015.

"Mwezi wa sita," alisema Esteri taratibu. "Halafu unakuja mwezi wa saba."

Faudhia alisoma kifungu cha sita. Alikisoma mara ya kwanza kimya, ndipo akarudia kwa sauti: wakala akitaka kuendelea, atoe taarifa kwa maandishi, kwa barua au barua pepe, imfikie mtengenezaji si chini ya siku sitini kabla ya siku ya mwisho. Asipotoa, mtengenezaji atakuwa huru kumpa uwakala mtu mwingine.

"Siku sitini kutoka lini?" aliuliza Bi Mwamvua.

Mzee Ndayikunda alikuwa ameshaishusha kalenda ukutani. Alihesabu kwa kalamu ya seremala, akirudi nyuma kutoka tarehe thelathini Juni, akigusa kila kisanduku. Siku thelathini za Juni zikaisha. Akaingia Mei. Kalamu ikasimama.

"Mei mosi," alisema. "Keshokutwa."

"Sikukuu ya wafanyakazi," alisema Faudhia. "Ofisi zitafungwa."

"Kwa hiyo ni kesho," alisema Bi Mwamvua, na kwa mara ya kwanza siku ile hakupiga kelele. "Miaka mitatu nimeuza bati lao. Saady hakuwahi kuniambia kuna kuandika barua."

"Haikuwa kazi ya Saady kukwambia, shangazi. Iliandikwa."

"Iliandikwa wapi? Kwenye folda yako?"

Hapo ndipo walipogombana kweli. Bi Mwamvua alisema mambo yote yalikuwa salama mpaka vilipoletwa vyeti vya Kigoma. Faudhia alisema mtu anayeweka duka lake kwenye kichwa cha Saady, Saady akihama duka linahama. Shangazi alisema angalau yeye hakupoteza mkataba. Faudhia alisema hakuupoteza kwa sababu hakuwahi kuusoma. Neno hilo lilipotoka alitamani alirudishe, lakini lilishafika. Bi Mwamvua alikaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi mbele ya wateja, na kweli wateja walikuwepo.

Mzee Ndayikunda alitundika kalenda mahali pake. "Mama," alisema, hakujulikana anamwambia nani kati yao, "barua iandikwe kwanza. Kugombana hakuna siku sitini."

Barua iliandikwa. Faudhia aliandika, Bi Mwamvua alisimama nyuma yake akipumua, na Esteri alisahihisha hata visivyohitaji kusahihishwa. Sisi mawakala wenu tunatoa taarifa kwa mujibu wa kifungu cha sita. Bi Mwamvua alitaka waongeze salamu kwa familia ya Saady, Faudhia alikataa, wakakubaliana kumsalimia meneja. Mhuri uligongwa mara mbili kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu. Kufikia hapo umeme ulikatika, na hapo hapo kila mtu akasema neno ambalo halifai kuandikwa.

Isihaka alipiga simu wakiwa gizani na skana yao iliyokufa. Sauti yake haikuwa na utani.

"Faudhia. Niliendelea kufungua. Nilitaka kumaliza kazi. Kuna Saady thelathini na moja."

"Ni nini?"

"Kinaitwa Kiambatanisho. Kinahusu Kibondo."

Bi Mwamvua aliinua kichwa. Kwa kweli alikuwa amesahau. Tawi la Kibondo lilifunguliwa 2013, na Saady alikuja na karatasi moja ya ziada, wakasaini juu ya boneti ya gari lake, akaondoka. Tarehe mosi Aprili 2013. Ni wazi faili liliingia katikati ya wenzake wa 2012 kwa kuwa jina lilikuwa lile lile.

"Unaisha lini?" aliuliza Faudhia. Mkataba mkuu haukutaja Kibondo popote. Aliona, akapita.

"Ni wa miaka miwili. Umeisha tarehe thelathini na moja mwezi wa tatu." Isihaka akaendelea: "Sasa nimeelewa kwa nini Kipriani, jirani yangu hapa, ana bati lile dukani kwake. Nilidhani ananunua kwenu Kasulu. Nikawa nampa salamu kila asubuhi, namuuliza biashara inaendaje. Ananijibu nzuri, ndugu yangu, nzuri sana."

Nje, jenereta la duka la jirani lilianza kunguruma. Faudhia alichukua barua, flashi na kitambulisho chake, akaenda kupanga foleni kwa mtu wa intaneti karibu na soko, ambako watu wote waliokatiwa umeme walikuwa wameshafika na wote walikuwa wanataka habari za vurugu za Bujumbura. Barua haikutoka siku ile. Mtandao ulizunguka mpaka kufunga. Ilitoka Alhamisi, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na saa nne alipiga simu Mwanza kuuliza kama imefika, na saa tano akapiga tena, mpaka dada wa mapokezi akamwambia, "Imefika, nimeichapa, nimeipeleka kwa meneja, sasa naomba unywe maji." Faudhia alimwomba amjibu kwa barua pepe kwamba imefika. Dada alimjibu. Faudhia alichapa jibu hilo nakala mbili.

Mei mosi duka lilifungwa, wengine wakaenda kwenye maandamano ya wafanyakazi na fulana zao. Faudhia alibaki nyuma na kompyuta, na Isihaka aliyekuja na gari la asubuhi kutoka Kibondo, eksteno mfukoni, mkataba wa tawi lake hana. Isihaka hakumlaumu. Hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko kama angemlaumu.

"Nionyeshe," alisema baba yake mdogo, akavuta stuli. "Safari hii nielewe, nisije nikafungua vifuko mia."

Faudhia alianza upya, na hakuanza na miaka. Folda nne juu, basi. Ya Hesabu, na ndani yake miaka na miezi, kwa kuwa hesabu kweli ni za mwaka. Ya Ankara, za kununua kwake, za kuuza kwake, halafu mwaka, halafu mwezi, na kila faili lianze na tarehe, mwaka mbele, ndipo zijipange zenyewe. Alipofika kwenye Mikataba alisita. Mkono ulitaka kuandika 2015.

"Mkataba hauna mwaka," alisema, kama anajisomea. "Unaanza mwaka huu unaishia mwaka mwingine. Unakaa kwa mtu wake."

"Kwa Saady?"

"Kwa kiwanda. Saady anahama, kiwanda hakihami." Akaandika: Mabati. Ndani yake mkataba, kiambatanisho, barua, na jibu la dada wa mapokezi, vyote pamoja. Kila jina la faili likaanza na siku ya kuisha. Akachukua karatasi akaandika kwa kalamu nene siku ya mwisho ya kila mkataba, na pembeni siku ya kuandika barua, akaibandika ukutani karibu na kalenda ya Mzee Ndayikunda.

Mlango wa pembeni ulifunguliwa. Bi Mwamvua aliingia na sufuria la wali, hakusalimia mtu. Alisoma skrini kwa muda mrefu.

"Umeweka kwa mtu," alisema.

"Kwa kampuni, shangazi."

"Kwa mtu," alisema Bi Mwamvua, akapakua. "Na wafanyakazi?"

"Kila mmoja na folda yake. Mzee Ndayikunda hakai tena 2012. Nywila tunayo wawili, wewe na mimi."

"Esteri?"

"Hata kwa dawa."

Shangazi alicheka kidogo, kicheko kifupi, hakikufika mbali. Halafu aliuliza, na ilikuwa mara ya kwanza aulize, nakala ziko wapi, na Faudhia akamwonyesha: hapa, na kwenye eksteno, zote mbili zinafanana, na kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi mtu anahakikisha. Alitumia neno kunakili. Alilitumia mara tatu.

Jibu la Mwanza lilikuja Jumanne. Taarifa ilikuwa imepokelewa kwa wakati, uwakala wa Kasulu utaendelea kwa miaka mingine mitatu, mkataba mpya utaletwa na mwakilishi wao mpya. Esteri alipita mbele ya duka la Pasikali mara nne siku ile bila sababu. Kuhusu Kibondo, kiwanda kilisikitika. Eneo lile lilishapata wakala.

Isihaka alisomewa kwa simu. Alisikiliza yote.

"Kwa hiyo nitanunua kwa Kipriani," alisema. "Mimi. Niende pale nipange foleni."

"Ba'mdogo..."

"Nitauza rangi. Watu wanapaka rangi." Akakata.

Faudhia alikaa na simu mkononi. Duka lilikuwa limejaa, Bi Mwamvua akisimulia mambo ya barua kwa mteja wa saba, na katika usimulizi ule mpya mambo yalikuwa yameanza kuwa mazuri kuliko yalivyokuwa. Faudhia alifungua Mikataba, akafungua Mabati, akatengeneza ndani yake folda moja zaidi, Iliyoisha. Akakishika kiambatanisho cha Kibondo, akakiburuta taratibu mpaka humo, akakiachia.